Sauti Mbili, Mashine Moja

Kelele ya mashine ya kufulia hufika kwa fundi kabla ya mashine yenyewe, tena hufika ikiwa mdomoni mwa mtu. Mteja anasimama mlangoni, anaweka mikono kiunoni, kisha anaanza kuiga: "Fundi, inafanya nguuuuu, halafu tak-tak-tak, halafu nguuuuu tena." Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama na mimi nimechoka kuifukuzia, nilishinda miezi minane kwenye kibanda cha fundi mmoja mjini Kitale nikimshikia tochi na kumtafutia spana. Siku hizi naishi kwa kuandika. Watu wa mbali hunilipa kwa idadi ya maneno niwaandikie makala kuhusu vyombo vya nyumbani ambavyo mimi mwenyewe sina. Lakini mengi ninayowauzia niliyaokota pale kibandani, na la kwanza kabisa lilikuwa swali ambalo fundi alimuuliza kila mteja kabla hajagusa bisibisi: "Hiyo kelele inakuja ikizunguka polepole, ama ikianza kukimbia?"

Wengi hawakuwa na jibu. Mtu akishasikia kelele kwenye kitu cha bei, anasikia pesa ikitoka mfukoni, hasikii tena sauti yenyewe. Na kwa mashine ya kufulia swali hilo lina uzito, kwa sababu kelele mbili zinazoogopesha zaidi wakati wa kukamua zina bei zilizo mbali kama Kitale na Mombasa. Moja ni sarafu, kifungo ama waya wa sidiria iliyopotea njia. Hiyo unaweza kuitoa mwenyewe jioni moja, ukiwa na beseni na uvumilivu. Nyingine ni beringi za dramu zilizokufa, na hapo mashine yote inashuka chini, vipande vipande, kabla hujafika mahali penye ugonjwa.

Senge wangu alikuwa na zote mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana nimeamua kuiandika hii.

Anaishi Bungoma, upande wa Kanduyi. Mashine aliinunua Kitale kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama, ya kilo saba, mlango mbele, ikapakiwa kwenye pikapu na kushuka nayo barabara ya Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye, kisha ikapinda kuingia Bungoma. Pesa zilitoka kwa chama, elfu ishirini, na alikuwa amejipangia kazi kabla ya kuinunua. Gesti moja pale mjini ilikubali kumpa mashuka yote ya vyumba kumi na viwili, mara mbili kwa wiki. Hesabu yake ilikuwa safi: gesti ikilipa miezi sita, deni la chama limeisha na mashine ni yake. Mwezi wa tatu ndipo kelele ilipoanza.

Akaita fundi wa pale karibu. Huyo bwana alisimama mbele ya mashine dakika mbili hivi ikikamua, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, beringi zimekufa. Andaa elfu tisa na mia tano." Hakuifungua, hakuigusa hata. Jirani wa Senge, mama muuza nguo, akamwambia asikubali kuibiwa mchana, hiyo ni pesa tu imeangukia ndani, hata yeye ilimpata kwa dadake Nairobi. Senge akabaki katikati. Mwenye kusema sarafu alikuwa rafiki, mwenye kusema beringi alikuwa na njaa ya elfu tisa, na kwa binadamu wa kawaida hiyo inatosha kuamua nani mkweli.

Usiku akanirekodia kelele kwa simu. "Papa," akaniambia mwisho wa sauti hiyo, "wewe ulikaa kwa mafundi. Niambie tu kama naibiwa."

Nikaweka spika za masikio nikasikiliza mara tatu, nne. Kulikuwa na kengele ndogo, chuma juu ya chuma, ikija na kupotea bila mpango, hasa mashine ilipokuwa bado inageuza nguo taratibu. Kisha dramu ikaanza kupanda mbio, na chini ya kila kitu ikaja sauti nyingine, nzito, isiyokatika, inayopanda kadiri mwendo ulivyopanda, kama kinu cha posho kinachowashwa nyumba ya tatu. Kengele ikanyamaza. Kinu kikabaki.

Hapo ni lazima nieleze mashine ilivyo ndani, la sivyo hayo mengine hayataingia. Ukifungua mlango unaona dramu ya chuma yenye matundu, ile inayobeba nguo. Nje yake kuna tangi la plastiki linaloshika maji, na dramu inazunguka ndani ya tangi hilo bila kuligusa. Sasa jiulize dramu imeshikwa na nini. Mbele hakuna kitu, pale ni mlango na mpira wake tu. Yote imening'inia kwa nyuma, kwenye shafti moja inayopita kwenye ukuta wa tangi, na hiyo shafti imekaliwa na beringi mbili. Shika ndoo ya maji kwa mkono mmoja ulionyooka mbele, usiukunje, ndipo utaelewa kazi ya beringi hizo.

Halafu wazia mwendo. Wakati wa kuosha, dramu huzunguka kama mara hamsini kwa dakika. Wakati wa kukamua inafika elfu moja na kuendelea. Kwa dramu ya upana wa kawaida, kama sentimita 48, mzunguko wa elfu moja kwa dakika hufanya kila kitu kilicho ukutani mwake kivute kama kina uzito mara 270 hivi. Nguo zikijipanga vizuri pande zote, mvuto huo unajimaliza wenyewe. Lakini shuka moja iliyojiviringa upande mmoja ikazidi upande wa pili kwa nusu kilo tu, shafti inavutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 130, na mvuto wenyewe unazunguka pamoja na dramu. Mashuka ya gesti, kwa taarifa yako, ndiyo hodari wa kujiviringa. Shuka kubwa humeza zile ndogo likawa kama gunia.

Ndiyo maana beringi mbovu hulia kwenye kukamua. Kwenye mwendo wa polepole inaweza kunyamaza kabisa, ama ikanung'unika kidogo ambacho maji yanafunika. Mwendo ukipanda nayo inapanda. Na mashine ikimaliza kukamua, mota ikiacha kusukuma na dramu ikiwa bado inajiendea yenyewe, ngurumo inashuka pamoja nayo hadi inaposimama, kama lori linaloteremka likiwa fri.

Sarafu ina tabia kinyume. Ikiwa ndani ya dramu na nguo, utaisikia wakati wa kuosha, inapanda na kuanguka, inapanda na kuanguka. Mashine ikianza kukamua inabandikwa ukutani na mvuto ule ule, inanyamaza kama mtoto aliyeona mwalimu. Ikiwa imetoka nje ya dramu, kati ya dramu na tangi, inalala chini kwenye bonde la tangi na kusukumwa na maji, ikigonga hapa na pale. Maji yakishavutwa nje inatulia, isipokuwa ikae mahali dramu inapoweza kuikwaruza. Hapo utasikia mkwaruzo mkali wa chuma, mwembamba, wa kukata meno. Na ikiwa imefika kwenye pampu, kelele inakuja pampu inapovuta maji, hata dramu ikiwa imesimama, na inakatika papo hapo pampu inapozimwa. Pampu haijui kuteremka fri.

Watu huniuliza sarafu inapitaje kwenye matundu ya dramu. Haipiti. Matundu ni ya milimita chache, na hata kobole yetu ndogo ya shilingi tano haiwezi. Inapita mbele, kwenye upenyo kati ya ukingo wa dramu na mpira wa mlango, mashine ikiwa imejaa nguo na mpira umesukumwa. Kinachopita kwenye matundu ni waya wa sidiria, pini, sindano, msumari mwembamba. Waya wa sidiria ndio mbaya kuliko vyote, maana unaweza kusimama, ncha moja kwenye tundu la dramu na nyingine kwenye tangi, ukachora plastiki kila mzunguko hadi itoboke.

Kwa hiyo nilichosikia kwenye simu kiliniambia kuwa jirani na fundi huenda wote walikuwa sawa. Lakini simu si sikio. Kipaza sauti kidogo hupunguza sauti nzito na kukuza ile kali. Jumamosi asubuhi nikapanda matatu.

Senge alikuwa ameshaamua moyoni. Alikuwa na mtu wa vyuma chakavu aliyemwahidi elfu mbili mia tano kwa mashine nzima. "Nikiongeza elfu tisa juu ya elfu ishirini, si afadhali nifue kwa mkono?" Nikamwomba anipe saa moja na beseni.

Kwanza tuliiwasha ikiwa tupu, programu ya kukamua peke yake. Hili jambo mafundi wenye haraka huliruka, na ni la bure. Mashine ikiruka-ruka na kugonga ikiwa na nguo, halafu ikakimbia kimya ikiwa tupu, mara nyingi ugonjwa ulikuwa mzigo uliojiviringa, hakuna cha kununua. Ya Senge haikuruka. Ilinguruma ikiwa tupu vilevile, hata kikombe kilichokuwa juu ya kabati ya pembeni kikaanza kutetemeka.

Tukaizima, tukachomoa waya kutoka kwenye soketi. Sisemi kuzima kwa kitufe, nasema kuchomoa. Nikafungua mlango, nikaweka mkono mmoja ndani na kuizungusha dramu taratibu, kichwa kikiwa karibu na nyuma ya mashine. Dramu nzima huzunguka kama mlango uliopakwa mafuta, hausikii kitu ila maji kidogo yaliyobaki. Hii ilikuwa na mchanga. Si sauti tu, kidole kilihisi: mkwaruzo mdogo mdogo usiokatika, pande zote za mzunguko. Kitu kilichonaswa huwa na mahali pake. Kinakwaruza mara moja kila mzunguko, pale pale, ama kinalia kutoka chini na kunyamaza. Na kweli, katikati ya mchanga huo, mara mbili tatu nikasikia tingi ndogo kutoka chini. Senge naye akaisikia. "Hiyo ndiyo pesa," akasema, na nikaona uso wake ukifunguka.

Kisha kipimo ambacho mimi nakiamini kuliko vingine. Shika ukingo wa juu wa dramu, ndani ya mlango, uinue na kuishusha. Usishangae ikisogea, kwa sababu tangi lote limening'inizwa kwa springi na hucheza. Unachotazama si kama inasogea bali inasogea na nani. Dramu, tangi na mpira wa mlango vikipanda na kushuka pamoja kama mwili mmoja, beringi zinashika. Dramu ikipanda peke yake huku tangi limebaki, upenyo pale mbele ukafunguka na kujifunga, ukasikia nyuma kama "klak", beringi zimelegea. Nilimwambia Senge aweke kidole chake kwenye upenyo wa juu huku mimi nikiinua. Nikainua. Akanitazama. Kidole kilibanwa kidogo, kikaachiliwa.

"Hii ni ile ya elfu tisa?" akauliza.

"Ndiyo, Senge. Hii ni ile ya beringi."

Alikaa kwenye stuli. Sikuwa na la kumwambia, basi nikaendelea na kazi. Nikafungua kifuniko cha nyuma, skrubu saba, na pale nyuma ya puli kubwa, kutoka katikati ya tangi kushuka chini, palikuwa na mstari wa kutu wa kahawia, wenye mafuta meusi pembeni. Huo mstari ndio historia ya ugonjwa. Mbele ya beringi, upande wa maji, kuna sili ya mpira inayoibana shafti. Sili ikichakaa, maji ya sabuni yanapenya tone kwa tone, yanaosha grisi kutoka kwenye beringi, kisha vijipira vya chuma vinazunguka vikiwa vikavu kwenye kutu. Beringi ndiyo inayolia lakini aliyeanza kufa ni sili. Fundi akikubadilishia beringi na kukuachia sili ya zamani, amekuuzia miezi michache tu.

Nikavua mkanda kutoka kwenye puli ili nijue pia kama mota ina lake. Nikaizungusha mota peke yake kwa vidole, ilikuwa laini. Nikazungusha dramu bila mkanda, mchanga ulikuwa pale pale. Basi hakukuwa na shaka tena kuhusu ngurumo.

Tingi ilibaki. Kwenye kona ya chini mbele kuna kifuniko kidogo, na nyuma yake kizibo cha filta ya pampu. Weka beseni bapa, fungua kizibo nusu mzunguko, acha maji yatoke, funga, mwaga, fungua tena. Usikifungue chote mara moja ukiwa ndani ya nyumba yenye zulia. Tulipata kifungo, kijiti cha kiberiti, nywele, na uzi mwingi wa mashuka. Sarafu hakuna. Nikalaza mashine kidogo kwa nyuma juu ya kipande cha gogo, Senge akiishika, nikalegeza klipu ya bomba nene la mpira linalotoka chini ya tangi kwenda kwenye pampu. Nikamwomba ageuze dramu taratibu kwa mkono, mbele, nyuma, mbele. Kitu kikateleza. Kikaanguka kwenye beseni, shilingi kumi, imekwaruzwa hadi sura moja imekuwa kama kioo.

Mama muuza nguo alikuwa ameshakuja kuona. Akapiga makofi. "Si nilisema!"

Na hapa ndipo mashine nyingi hufia, ukiniuliza mimi. Tuliporudisha kila kitu na kuiwasha, ile kengele ya kuudhi ilikuwa imekwisha, na masikio yanapumzika kiasi kwamba ngurumo iliyobaki inaonekana ndogo. Mtu aliyeona sarafu ikitoka hataki kusikia jambo jingine. Angeendelea kufua mashuka, beringi zikaendelea kulegea, shafti ikaanza kulika, dramu ikashuka hadi iguse hita iliyo chini ya tangi ama ichane plastiki, na siku hiyo hata elfu tisa haingetosha. Mtu wa vyuma chakavu angerudi akiwa na elfu moja na mia tano. Senge alisikiliza mashine tupu ikikamua, mkono wake juu ya kifuniko, akasema polepole, "Bado inasaga."

Swali likawa la pesa. Fundi wa kwanza alikuwa amesema kweli kuhusu ugonjwa, hilo nilimtetea, ingawa alisema kwa njia inayofanana na uongo. Bei yake ndiyo iliyokuwa na unono. Beringi hazina siri. Ni beringi zile zile zinazokaa kwenye mota za pampu na mashine nyingine nyingi, na namba yake imechongwa ubavuni. Mashine za kufulia za nyumbani nyingi hutumia jozi ya ukoo wa 6203 hadi 6206. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidisha kwa tano upate upana wa tundu la katikati kwa milimita: 6205 ni 25, 6206 ni 30. Kwa hiyo 6205 ya duka la spea za magari pale Bungoma ina vipimo sawa na ile ya kifurushi chenye jina la mashine yako. Unachohitaji ni yenye mpira pande zote mbili, imeandikwa 2RS, na ya mtengenezaji unayemwamini. Ya bei ya peremende italia kabla ya Krismasi.

Sili ndiyo haina ndugu. Lazima ilingane na shafti, na tundu, na unene, kwa namba yake, na hiyo hukuikuta Bungoma. Nikampigia fundi wangu wa zamani, akaipata Kitale, akakubali kushuka nayo Jumanne. Beringi mbili, sili, nauli na kazi yake, elfu tano na mia nane. Kwa siku hizo Senge na binti yake walifua mashuka ya vyumba kumi na viwili kwa mkono, gesti haikujua kitu.

Kabla ya kukubaliana, fundi aliniuliza jambo moja kwa simu: tangi limefungwa kwa skrubu ama limeunganishwa kwa moto? Kuna mashine ambazo nusu mbili za tangi zimeyeyushwa pamoja kiwandani, hazifunguki. Hapo unanunua tangi zima na dramu yake, ama unalikata kwa msumeno na kulirudisha kwa skrubu na silikoni, kazi ambayo wachache huifanya isivuje. Kwa mashine ya zamani ya hivyo, hesabu mara nyingi hukataa, na mtu wa vyuma chakavu anakuwa mwenzako. La Senge lilikuwa na skrubu kuzunguka ukingo wote. Nilizihesabu kwa tochi nikampelekea jibu.

Kazi yenyewe ilichukua mchana mzima. Waya zote zilipigwa picha kabla ya kuchomolewa. Uzito wa zege unaotuliza mashine ulitolewa, tangi likanyanyuliwa kutoka kwenye springi, likalazwa juu ya gunia, likafunguliwa nusu mbili. Kutoa shafti, alirudisha bolti ya puli kwenye uzi wake hadi karibu na mwisho, akaweka kipande cha mti juu yake na kugonga mti, ili nyundo isiue uzi. Beringi ya ndani ilitoka ikiwa imepasuka, vijipira vimekuwa na rangi ya chai. Akanionyesha mahali sili inapokaa kwenye shafti, akapitisha ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja hata iwe ya dhahabu. Haukunasa. Akapasugua kwa msasa laini sana, akafuta.

Kuingiza beringi mpya ndipo nilipomwona akitulia kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano. Ukigonga pete ya ndani wakati beringi inaingia kwenye tangi, nguvu inapita kwenye vijipira na kuchimba mashimo madogo usiyoyaona, na kelele inarudi baada ya wiki chache, mteja anasema spea ni bandia. Yeye aliweka beringi ya zamani juu ya mpya, ikalala pete kwa pete, akagonga ya zamani kwenye ukingo wa nje, huku na huku, hadi sauti ya nyundo ilipobadilika kuwa kavu. Hiyo sauti kavu ndiyo dalili kwamba imefika mwisho. Kisha sili, na grisi isiyoyeyuka kwa maji kwenye mdomo wake.

Jioni tuliikimbiza tupu. Maji yalisikika yakitoka, pampu ikavuma, kisha dramu ikapanda hadi mwendo wa juu na kilichobaki kilikuwa upepo na mota. Kikombe kwenye kabati kilitulia. Senge aliuliza kama imeharibika.

Fundi alimpa masharti mawili kabla ya kupanda matatu ya kurudi: mashuka makubwa yasizidi matatu kwa mkupuo, yachanganywe na foronya na taulo ili mzigo ujigawe, na sabuni ya kufulia kwa mkono isiingie humo, maana povu lake hujaza mashine na kulazimisha maji mahali yasipotakiwa. La mifuko halikuhitaji kusemwa. Tayari alikuwa ameweka bakuli la plastiki kando ya mlango, na binti yake ndiye mlinzi wake, na kinachopatikana ni chake.

Mimi nilimwachia kazi moja ndogo. Tulifuta ule mstari wa kutu nyuma ya tangi hadi plastiki ikang'aa, nikatandaza karatasi ya gazeti sakafuni chini ya shafti, nikarudisha kifuniko kwa skrubu mbili tu. Sili ikivuja, itaacha tone la kahawia kwenye gazeti muda mrefu kabla ya beringi kuanza kulia. Baada ya wiki tatu na mikupuo sijui mingapi ya mashuka, alifungua kifuniko, akapiga picha, akanitumia bila neno. Gazeti lilikuwa na vumbi na mjusi mmoja. Lilikuwa kavu.